Mwongozo kamili: Jinsi ya kuandika shukrani kwa familia iliyokupokea muhula mzima

Muhula ukikaribia kuisha, ombi huwa lile lile: "Naomba unisomee barua yangu ya kuwashukuru wenyeji." Nikiifungua nakuta aya moja. Asanteni kwa ukarimu wenu, asanteni kwa kunipokea kama mtoto wenu, sitawasahau kamwe, Mungu awabariki. Sarufi haina kasoro. Kasoro ni kwamba ukifuta jina la familia ile ukaweka la majirani zao, barua haibadiliki hata nukta.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyekaa na familia moja kwa muhula mmoja chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi, na sasa anajiandaa kurudi kwao. Tutaandika barua ya mkono, kisha tutachota humo maneno machache ya kusema siku ya kuagana. Mzazi anayetaka kuwaandikia wenyeji wa mwanawe ana sehemu yake karibu na mwisho.

## Vitu vya kuandaa

Karatasi tupu na bahasha. Kadi iliyochapwa maneno tayari inakuachia nafasi ya mistari minne, nawe utaijaza kwa yale yale ya "asanteni kwa kila kitu".

Daftari la rasimu. Rasimu ya kwanza itakuwa na mikato mingi, na ndivyo inavyotakiwa.

Simu yako, ikiwa na picha na ujumbe wa muhula mzima. Usifute kitu kabla hujamaliza barua.

Majina ya wote walioishi nyumba ile, yakiwa yameandikwa kama wenyewe wanavyoyaandika. Mhesabu na bibi aliyekuwa chumba cha nyuma, na mtoto mkubwa aliyekuja siku za mapumziko tu.

Msomaji mmoja anayeijua vizuri lugha ya wenyeji lakini si wa nyumba hiyo. Mwalimu wa lugha au mwanafunzi mwenzako anatosha.

Siku 10 kabla ya safari. Wiki ya mwisho ni ya kufunga mizigo, kuagana shuleni na kulia. Anayeanza kuandika usiku wa kuamkia safari huandika kile kinachokuja haraka, na kinachokuja haraka ni ile aya moja ya hapo juu.

## Hatua ya 1: Kusanya matendo, acha sifa

Fungua ujumbe mliotumiana tangu ulipofika. Usitafute yale marefu yenye hisia. Tafuta yale mafupi: "Umefika?" "Ufunguo uko pale pale." "Leo nitakupitia mimi, mvua kubwa." Kila ujumbe wa namna hiyo una tendo nyuma yake. Andika tendo hilo kwenye daftari kwa maneno machache, kisha pitia picha kwa namna hiyo hiyo.

Kaa zaidi kwenye wiki za katikati. Wiki za kwanza kila mtu alikuwa na adabu za ugeni, na za mwisho zina huzuni ya kuagana. Katikati ndipo ulipougua hamu ya kwenu, mitihani ikakubana, nao pia wakaanza kukuchoka kidogo. Waliyokufanyia wakati huo waliyafanya bila kujionyesha.

Ukikwama, jiulize haya: Nani alibadili ratiba yake kwa ajili yangu? Nani alipoteza chumba, utulivu, au zamu yake ya bafuni? Ni jambo gani lilianza kufanyika nyumba ile kwa sababu yangu tu? Na nani alinikaripia, kwa lipi?

Swali hilo la mwisho wengi huliruka. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kama ulipewa zamu ya kufagia, ukasemwa ulipoisahau, basi ulitendewa kama watoto wengine wa nyumba. Hilo liandike, maana wao wenyewe huenda bado wanajiuliza kama walikuwa wakali mno.

Utajua umefaulu ukiwa na matendo 10 hadi 15 ambayo ukifumba macho unayaona. Ukikuta neno kama "walinijali" kwenye orodha, likate, uandike walikujali kwa kufanya nini.

## Hatua ya 2: Kila mtu na tendo lake

Chagua tendo moja kwa kila mmoja. Barua inayosema "asanteni nyote" humwendea mama na baba peke yao, na watoto hubaki pembeni. Mara nyingi mtoto ndiye aliyetoa kikubwa kuliko wote: nusu ya chumba chake, meza yake ya kusomea, na sehemu ya muda wa wazazi wake, tena huenda hakuna aliyemuuliza kama anakubali.

Usichague tendo kubwa kwa sababu tu ni kubwa. Ile safari ya mwisho wa juma waliyokupeleka wanajua wenyewe kwamba uliifurahia, uliwaambia siku ile ile. Chagua lile ambalo hawajui kama uliliona.

Kuna mtu mmoja mtakuwa hamkuivana. Usimruke, na usimtungie urafiki. Tafuta jambo dogo la kweli: alikuwa akikusogezea viatu ukutani usijikwae, au alikuonyesha njia ya mkato ya kwenda shule. Mstari mmoja wa kweli unamtosha. Aya nzima ya sifa ataijua ni ya uongo kabla hajafika katikati.

## Hatua ya 3: Igawe kila shukrani sehemu tatu

Hapa ndipo barua nyingi hufa au hupona. Kwa kila tendo andika alichofanya, kisha kilichomgharimu, kisha kilichobaki kwako. Sehemu ya kwanza inaonyesha kwamba uliona. Ya pili inaonyesha kwamba ulielewa. Ya tatu inampa jambo ambalo hakuwa nalo, kwa sababu hakuwapo lilipotokea.

Tufanye mfano mzima. Tuseme mwandishi ni msichana wa miaka 16 ambaye alipofika aliijua lugha ya wenyeji kwa kubabaisha. Rasimu yake inasema:

> Baba, asante sana kwa kunisaidia kujifunza lugha yenu. Ulikuwa mvumilivu sana.

Alisaidiwaje? Akikumbuka vizuri, jioni walikuwa wakiosha vyombo pamoja, baba anaosha, yeye anakausha. Wakiwa hapo walizungumza. Uvumilivu ulionekanaje? Akikwama katikati ya sentensi, baba alisubiri. Watoto wengine walipotaka kummalizia, baba alinyanyua kidole, kikiwa bado na povu, nao wakanyamaza.

Hilo lilimgharimu nini baba? Vyombo vilichukua muda mrefu, na sauti ya taarifa ya habari, ambayo hakupenda impite, ilikuwa inasikika kutoka sebuleni. Kisha kikabaki nini? Mwezi wa pili msichana alinyoosha mkono darasani kwa mara ya kwanza. Baba hakuwapo. Hakuna aliyemwambia.

Sasa aandike upya:

> Baba, jioni tukiosha vyombo ulikuwa unasubiri nimalize sentensi yangu, hata ilipochukua muda kuliko kuosha sufuria. Wengine walipotaka kunimalizia, ulinyanyua kidole chenye povu wakanyamaza. Najua taarifa ya habari ilikuwa imeshaanza sebuleni. Mwezi wa pili nilinyoosha mkono darasani kwa mara ya kwanza. Nilikwama katikati, lakini sikuogopa, kwa sababu kwako nilishazoea kusubiriwa. Asante.

Neno "mvumilivu" limeondoka, lakini uvumilivu umejaa kila mstari. "Asante" imebaki moja, tena mwishoni, ikiwa imeshapata cha kusimamia. Aya haina hata sentensi sita ndefu, na haiwezi kutumwa kwa baba mwingine yeyote.

Tahadhari kuhusu gharama. Itaje kwa sentensi moja, kwa wepesi, kisha songa mbele. Ukiorodhesha kila walichopoteza, watasoma kama watu wanaokumbushwa usumbufu. Pesa usiitaje kabisa. Mipango mingine huwapa wenyeji posho na mingine haiwapi chochote, na kwa vyovyote vile kutaja pesa kunaifanya barua iwe stakabadhi.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu aya bila kutaja jina la mhusika, naye akakuambia huyo mtu ni wa namna gani.

## Hatua ya 4: Amua kuhusu siku mbaya

Muhula mzima haupiti bila mgongano. Ulichelewa kurudi bila kupiga simu, ulivunja kitu ukaficha, ulijifungia chumbani siku mbili ukilia na wao wakadhani wamekukosea. Je, yaingie kwenye barua?

Msimamo wangu ni huu: jambo liingie ikiwa limeshaisha, ikiwa kila mtu ndani ya nyumba analijua, na ikiwa unasimulia upande wako tu. Likikosa sharti moja, liache nje. Likitimiza yote matatu, mara nyingi ndilo linalokuwa aya nzuri kuliko zote, kwa sababu siku ile ndipo walipoacha kuwa wenyeji wakawa walezi:

> Usiku ule nilipochelewa bila kupiga simu, Mama, nilikukuta umekaa kwenye ngazi na koti juu ya nguo za kulalia. Hukupaza sauti. Kesho yake uliandika saa ya kurudi kwenye karatasi ukaibandika jikoni, jina langu likiwa kwenye mstari mmoja na majina ya watoto wako.

Angalia kwamba hakuna kuomba msamaha humo. Msamaha ambao bado hujauomba, kauombe ana kwa ana kabla ya barua. Ukiuchanganya na shukrani, msomaji hatajua ajibu kipi, na barua nzima itageuka kuwa maelezo ya kosa lako.

Siri za nyumba zibaki za nyumba. Ugonjwa wa mtu, ugomvi uliousikia ukutani, kijana aliyefeli mtihani, hata kama ulimfariji: hayo usiyaguse. Barua za namna hii husomewa shangazi, huonyeshwa majirani, hubandikwa kwenye friji. Pima hivi: Mama anaweza kuisoma kwa sauti mbele ya wageni bila kuruka mstari?

Na kama muhula ulikuwa mgumu kweli, andika kifupi. Matendo mawili ya kweli na asante moja vinatosha. Usiandike kwamba pamekuwa nyumbani kwako pa pili kama hapakuwa. Iwapo ulidhulumiwa au hukuwa salama pale, hudaiwi barua yoyote. Jambo hilo ni la kuwaambia wazazi wako na mratibu wa mpango, tena mapema, bila kungoja siku ya kuondoka.

## Hatua ya 5: Panga barua

Anza na kitu, usianze na salamu za mbali. "Natumaini hamjambo" ni ya mtu aliye nchi nyingine, nawe bado unalala chumba cha pili. Mstari wa kwanza uwaweke ndani ya nyumba: mlio wa mlango usiofunga vizuri, foleni ya bafuni asubuhi, mbwa aliyekubwekea wiki nzima kabla hajakuzoea.

Kisha nenda mtu kwa mtu. Mimi huwashauri waanze na yule asiyetarajia kutajwa, mara nyingi mtoto mdogo au bibi, na wamalizie na aliyebeba mzigo mkubwa. Ukianza na mama na baba, waliobaki huonekana wameongezwa ili kukamilisha idadi.

Kurasa mbili za mkono zinatosha. Ikifika ya nne, umeanza kusimulia muhula wako badala ya kuwashukuru.

Mwisho wa barua ndipo watu hujifunga kwa ahadi. "Nitawapigia kila wiki." "Nitarudi kila mwaka." Utavunja, nao watahesabu. Toa ahadi moja ndogo unayoweza kuitimiza, kwa mfano kuwatumia picha ya siku fulani, na uitajie tarehe.

## Hatua ya 6: Lugha na majina

Andika kwa lugha yao, hata kama bado inakuyumbisha. Sentensi fupi zitakuokoa. Msomaji wako akusahihishie panapoharibu maana tu, na hilo mwambie mapema, maana wasomaji wazuri hupenda kunyoosha kila kitu. Ukipokea rasimu iliyojaa maneno ambayo hujawahi kuyatamka mezani, familia itasikia sauti ya mtu mwingine.

Waite kama ulivyokuwa ukiwaita. Kama uliwaita kwa majina yao muhula mzima, kuwaita "Mama" na "Baba" ghafla ndani ya barua kunasikika kama tamthilia. Vivyo hivyo, kama walishakuwa Mama na Baba, usirudi kwenye majina rasmi ya fomu za mpango.

Yale maneno ya utani mliyoyazua nyumbani yatumie, lakini mara moja au mbili tu.

Mtoto asiyejua kusoma vizuri, au bibi asiyesoma lugha hiyo, mwandikie kikaratasi chake: herufi kubwa, mistari mitatu, na mchoro ukiweza. Kiwe na bahasha yake. Mtoto anayepokea bahasha yenye jina lake huijali kuliko kuambiwa kwamba ametajwa kwenye barua ya wakubwa.

## Hatua ya 7: Nakili na ukabidhi

Nakili kwa mkono siku mbili au tatu kabla ya safari. Soma kwa sauti unapomaliza kila ukurasa, kwa kuwa sikio hukamata neno lililorukwa haraka kuliko jicho. Piga picha ya kurasa zote ubaki nazo, utazihitaji ukiwaandikia tena.

Usiikabidhi uwanja wa ndege wala kituoni. Pale kuna mizigo, kuna foleni, kuna mtu anatafuta pasi, na bahasha huishia ndani ya mkoba wa mtu bila kufunguliwa. Jioni ya kabla ya safari ni nzuri kwa familia inayopenda kusema mambo hadharani. Kwa familia ya watu wakimya, iache mezani asubuhi unapoondoka, waisome bila mtu kuwatazama nyuso zao. Umeishi nao muhula mzima, unajua wako kundi lipi.

Kama umenunua zawadi, itoe siku nyingine au saa nyingine. Vikija pamoja, zawadi hufunguliwa kwanza.

## Hatua ya 8: Maneno ya kusema siku ya kuagana

Usisome barua. Chukua matendo mawili tu kutoka humo, yale ambayo kila aliyepo anayajua, uyaseme kwa dakika mbili. Dakika mbili za maneno yasiyo na haraka ni kama maneno 200, lakini usiamini hesabu, jipime kwa saa ya simu. Mtu akiwa na wasiwasi huongea haraka, na akiwa na machozi huongea polepole.

Mfano mfupi, kwa msichana wetu yule yule:

> Nilipofika nilikuwa na maneno machache sana, na yote nilikuwa nayasema vibaya. Baba alinisubiri kwenye sinki. Mama alinisubiri kwenye ngazi, ile siku mnayoijua wote. Na mdogo wangu hapa alinipa kitanda cha dirishani, akalala upande wa mlango muhula mzima. Leo nina maneno mengi, lakini ninayotaka kuwaambia ni haya: mlinisubiri, na nimeona. Asanteni sana.

Watu watacheka kwenye "ile siku mnayoijua wote". Kicheko kile kinakupa nafasi ya kuvuta pumzi, kwa hiyo kiweke kabla ya sehemu inayokuliza.

Sentensi ya mwisho ihifadhi kichwani neno kwa neno. Sauti ikikatika katikati, ruka yaliyobaki, nenda moja kwa moja kwenye sentensi hiyo, keti.

Ikiwa mpango umeandaa hafla ya familia nyingi pamoja, punguza hadi tendo moja. Mratibu na shule wape sentensi moja ya asante mwanzoni. Ukiwaweka mwishoni, watakula nafasi ya familia yako.

## Ukiwa mzazi wa mwanafunzi

Barua yako ni tofauti kwa sababu hukuona chochote. Usijifanye uliona. Andika yale uliyoyasikia kwenye simu na yalivyokufanya ulale: "Alipougua ile wiki ya mitihani alituambia ulikuwa unamgongea mlango kila baada ya saa mbili. Usiku ule ndipo tuliacha kupiga simu kila mara." Ukurasa mmoja unatosha. Itume kivyake, isiwe mistari ya chini kwenye barua ya mwanao.

## Hatua ya 9: Baada ya kufika

Siku ile ile tuma ujumbe mmoja: umefika salama, nani amekupokea, basi. Walikuwa wakikuuliza "Umefika?" muhula mzima, usiwaache waulize tena.

Barua ya pili ije ndani ya mwezi, nayo ni fupi. Ndani yake weka jambo moja ambalo sasa unalifanya nyumbani kwenu ulilolichukua kwao, na picha yake kama inapigika. Msichana wetu angeweza kuandika kwamba sasa anaosha vyombo na mdogo wake, na kwamba mdogo wake bado hajui kwa nini dada yake hamkatizi akiongea.

Wakichelewa kujibu, usitafsiri vibaya. Familia zinazopokea wanafunzi mara nyingi huwa na mwingine muhula unaofuata, na yeye pia wiki zake za kwanza zinakula muda wao wote. Subiri, kisha timiza ile ahadi yako ndogo kwenye tarehe uliyoitaja, wawe wamejibu au la.